Bio Yako Bado Inaomba Kazi

Kuna watu wameacha ajira, wakajiita washauri huru, lakini bio yao bado inaomba kazi. Mimi huandikia watu bio, na hii kitu naiona sana.

Chukua dada mmoja aliyekuwa afisa wa mishahara kwa miaka 9. Alikuja na hii: “Afisa mwandamizi wa mishahara. Majukumu: kuandaa mishahara ya wafanyakazi 140, kupiga hesabu ya PAYE, NSSF na SHIF, kuripoti kwa meneja wa fedha.”

Kila neno hapo ni kweli. Shida ni kwamba jukumu hupewa na bosi, na sasa bosi hayuko. Mwenye shule ndogo kule Kitengela akisoma hiyo bio hajioni popote. Ndiyo maana majibu aliyokuwa akipata ni “nafasi ikitokea tutakuita.” Ukianza kujibiwa hivyo, jua umesomwa kama mtu anayetafuta ajira.

Kwa kila jukumu nilimuuliza: hii isipofanywa nani anaumia, na ukimaliza anabaki na nini mkononi? Anayeumia ni mwenye biashara asiye na mhasibu, anayekumbuka makato tarehe 8 jioni na KRA inataka PAYE kufikia tarehe 9. Ile ya kuripoti kwa meneja tuliifuta. Haina mnunuzi.

Tukabaki na hii:

“Naandaa mishahara ya shule na hoteli zenye wafanyakazi 10 hadi 50, Kajiado na Nairobi. Kila mwezi, kabla ya tarehe 5, unapata orodha ya mishahara, karatasi ya mshahara ya kila mfanyakazi na hesabu ya makato yote, tayari kuwasilisha. Pia nakagua miezi ya nyuma ambayo hesabu zimekataa kulingana. Nimefanya kazi hii miaka 9, kwa wafanyakazi 140. Nitumie ujumbe tuanze na mwezi mmoja.”

Ona, ile 140 haijatupwa. Imerudi nyuma kama ushahidi, ikaachia mteja nafasi ya mbele.

Kulikuwa na mabishano mawili. Alitaka kuandika “hutapigwa faini tena.” Nikakataa, kwa sababu anayelipa KRA ni mteja mwenyewe. Akichelewa, faini inakuja na mwongo unaonekana wewe. Pia alitaka kujiita wakala wa kodi. Hilo jina linahitaji leseni, na hana. Ndiyo maana bio inasema anaandaa. Mwenye biashara anawasilisha mwenyewe.

Wengine watasema kufuta cheo ni kudharau miaka yako. Mimi naona miaka hiyo inaheshimika zaidi mtu akijua atalipia nini. Fungua bio yako sasa hivi, tafuta neno “majukumu.” Kama bado liko, bado umeajiriwa, ila tu hulipwi.