Kamera ikinyamaza, tusilale

Ndugu wafanyakazi, ku shantie za ujenzi kamera inaanza kupiga alarme kama mutu hana kaske. Kaske ni ya rangi kali, inaonekana. Lakini arne ni kazi ingine. Mashini inaona mikanda ku mugongo. Kamba yenye kufungwa juu ni nyembamba, ku video inapotea. Mutu mwenye kuivaa bila kuifunga anaweza kuanguka, na alarme inaweza kukosa kulia.

Sendika yetu tunaomba hivi: tuchague saa moja ya video, tuhesabu kwa macho. Tukiona watu 20 bila kaske, na mashini iliita 14, imekosa 6. Tupime na saa za usiku na za vumbi, juu hapo njo kamera inashindwa. Na alarme peke yake isikate mushahara wa mutu.