Windows 11 Kwa Laptopu ya 4GB ni Kukuchezea

Wasee, hii tabia ya kuuliza "iko na Windows gani?" kabla ya kuuliza mashine yenyewe ikoje, tuiache. Ukiuliza hivyo dukani, muuzaji anajua umeingia box. Anakuonyesha ile skrini mpya, menyu iko katikati, picha ya nyuma ni ya buluu inang'aa, anakuambia, "Bosi, hii ni Windows 11 Pro, tena ni i5." Unalipa. Wiki mbili baadaye unafungua kurasa nne za Chrome na feni inalia kama posho mill.

Si bahati mbaya. Kuna mtu aliweka mfumo kwa hiyo mashine bila kuangalia kama mashine inauweza, na alifanya hivyo kwa sababu namba kubwa inauza.

Chukua mfano mmoja tu, wa laptopu za mtumba za maofisi ambazo zimejaa mjini: prosesa ni Core i5-6300U, memori 4GB, diski ni 500GB ya kuzunguka, ile HDD ya zamani. Sasa angalia masharti ambayo Microsoft wenyewe wameandika ya Windows 11: prosesa ya 64-bit yenye kasi ya 1GHz na angalau kori mbili, memori 4GB, nafasi ya 64GB. Ukisoma haraka unasema iko sawa, imepita yote. Na hapo ndipo watu wengi huachia.

Haijapita. Kando na hizo namba kuna orodha ya prosesa zinazokubalika, na kwa upande wa Intel orodha hiyo inaanza kwa kizazi cha 8, ukitoa chache sana za kabla ya hapo. Kizazi unakisoma kwa namba inayofuata baada ya ule mstari: i5-6300U ni kizazi cha 6, i5-8250U ni cha 8, i5-10210U ni cha 10. Kwa hivyo "ni i5" haikuambii kitu. Hata "ni i7" haikuambii kitu. Laptopu yenye i7-7500U imekataliwa, halafu ile ya i3-8130U ambayo kila mtu anaidharau imekubaliwa. Manze, hiyo peke yake inafaa ibandikwe kwa mlango wa kila duka.

Swali basi ni, kama imekataliwa, mbona imewaka na Windows 11? Kwa sababu kuruka ule ukaguzi ni rahisi. Kuna programu inaitwa Rufus ya kuandaa flashi ya kuinstoli, na ndani yake kuna kisanduku cha kuondoa masharti ya memori na TPM, kile kifaa cha usalama ambacho Windows 11 inataka kiwe toleo la 2.0. Fundi anaweka tiki, anaendelea na chai yake. Sina shida na Rufus, ni programu safi na hata mimi naitumia. Shida yangu ni kumfanyia mtu hivyo na kunyamaza.

Wanaotetea hii mambo watakuambia mfumo mpya ni salama zaidi. Kweli, na Windows 10 ilifika mwisho wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, siwezi kukataa. Lakini usalama huo unatoka wapi? Unatoka kwa masasisho. Na Microsoft wamesema wazi kwamba mashine isiyotimiza masharti haina hakikisho la kupata masasisho. Yale ya kila mwezi mara nyingi huingia, lakini lile kubwa la kila mwaka kwa kawaida halikujii lenyewe, inabidi mtu arudi na flashi tena. Sasa unaniambia umeniuzia usalama ambao aliyeutengeneza hajaahidi kunipa?

Tuache usalama, turudi kwa 4GB, kwa sababu hiyo ndiyo utaisikia kila siku. 4GB ni kiwango cha chini cha mfumo kuwaka. Si kiwango cha wewe kufanya kazi. Windows 11 ikishawaka tu, kabla hujagusa chochote, karibu nusu ya hiyo memori au zaidi imeshaenda. Ukifungua Chrome, inayobaki inaisha. Memori ikiisha kompyuta haizimi. Inachukua vitu vilivyokuwa kwa memori na kuvitupa kwa diski, kwa faili inaitwa `pagefile.sys`, kisha inavirudisha ukivihitaji. Kwa SSD utavumilia. Kwa HDD, ambayo lazima kichwa chake kisogee huku na huku kutafuta kila kipande, unabofya kitu na unaenda kupika ugali.

Kujua kama ndiyo inakusumbua ni rahisi. Bonyeza `Ctrl + Shift + Esc`, nenda `Performance`. Ngoja kama dakika kumi na tano baada ya kuwasha, kwa sababu mwanzoni Windows huwa na shughuli zake za nyuma na utadhani ni mashine mbaya. Kisha fungua zile kurasa zako za kawaida. Kama `Memory` imekaa juu ya asilimia 90 na `Disk` imegonga 100 na wewe unasoma tu, umepata jibu.

Na hiyo sehemu ndiyo ya kufungua pale dukani, kabla pesa haijatoka. Ukibofya `CPU` utaona jina kamili la prosesa juu kulia. Ukibofya `Memory`, angalia ukubwa na pia mstari wa `Slots used`: ikisema 1 of 2, unaweza kuongeza kijiti kingine baadaye. Kwa `Disk` itaandika kama ni SSD au HDD. Ni dakika moja. Muuzaji akikuharakisha, hiyo pia ni habari.

Sasa ile laptopu yetu ya i5-6300U ifanyiwe nini? Ikibaki na 4GB na HDD, mimi naiwekea Linux Mint, toleo la Xfce. Mint wanataka memori 2GB kwa uchache na 4GB ukitaka starehe, diski 20GB kwa uchache, na toleo la 22 linapata masasisho mpaka 2029. Unaijaribu kwanza ukiwa kwa flashi bila kufuta kitu, uone Wi-Fi na sauti zinashika. Kama maisha yako ni mtandao, PDF na filamu, hautajuta.

Lakini kama kozi yako inataka Photoshop au Excel yenyewe ya Microsoft, Mint haitakusaidia, na asikudanganye mtu. Hapo toa HDD uweke SSD, ongeza memori ifike 8GB, na hata hapo prosesa bado iko nje ya orodha. Ukiamua kuweka Windows 11 kwa nguvu ukijua hivyo, ni sawa, ni mashine yako. Kama bado hujanunua, ongeza pesa kidogo utafute kizazi cha 8, hata kama ni i3, na umwachie jamaa i7 yake ya kizazi cha 7.