Nyumba ya kuuza na bajeti ndogo: anza na bati, malumalu acha kwanza

Wadau, mimi nauza rangi na vifaa vya ujenzi, kwa hiyo faida yangu ni wewe ununue malumalu nyumba nzima. Lakini kwa mtu anayekarabati nyumba ili aiuze apate mtaji, naona malumalu ndiyo pesa inayopotea mapema kuliko zote.

Tuchukue mfano. Dada anauza nguo mtandaoni, ana nyumba Mbagala, vyumba viwili na sebule, mkononi ana milioni 2.5 za ukarabati. Wateja wamefika milioni 30. Nyumba za ukubwa huo mtaani kwake zikiwa safi zinauzwa milioni 35. Hiyo 35 iandike pembeni kwanza, ndiyo kikomo cha mtaa. Hata uweke jiko la kifahari, anayetaka kutoa milioni 45 anaenda kutafuta mtaa mwingine.

Sasa usimuulize fundi kipi kipendeze. Muulize dalali, na wale wateja waliokuja wakaondoka: ni nini kiliwafanya wapunguze bei, na kingerekebishwa wangeongeza ngapi? Uliza watu watatu wanne, chukua jibu la chini. Kisha gawanya hiyo nyongeza kwa gharama ya fundi pamoja na vifaa. Hapo ndipo unapata nani wa kwanza na nani wa mwisho.

Kwa huyu dada tuseme bati linavuja. Kutengeneza ni laki 3.5, ila wateja walikuwa wanakata milioni 2. Kwanini wakate zote hizo? Kwa sababu mteja akiona duara la kahawia kwenye jipsamu hahesabu misumari, anahesabu paa zima na mbao zilizooza. Kila shilingi hapo inarudi na zaidi ya tano. Cha pili ni choo: bomba linavuja na sinki limepasuka, laki 6, kinarudisha milioni 1.5. Cha tatu rangi ndani na nje, laki 7, inarudisha milioni 1. Jumla ametumia milioni 1.65 na bei imepanda mpaka 34.5.

Malumalu je? Fundi kataja milioni 3.2. Kwanza hela haitoshi, na hata angekopa, kikomo cha mtaa kimebakiza laki 5 tu. Laki 8.5 zilizobaki azirudishe kwenye biashara yake. Bei hizi ni za mfano bana, weka za kwako, hesabu ni ileile.

Wale wa video za Marekani msichanganyikiwe. Kule unaweza kukuta mlango wa gereji ndio unasifiwa kwa kurudisha hela. Mnunuzi wa Mbagala anaangalia paa, choo, maji, na kabla ya yote karatasi. Kama nyumba ni ya urithi na msimamizi wa mirathi hajateuliwa, usinunue hata brashi.

Rangi ina mtego wake. Ni ya tatu kwa faida lakini kwa kazi inakuja mwisho kabisa. Ukipaka juu ya ukuta wenye unyevu, inavimba na kubanduka, mara nyingi kabla hujapata mteja. Angalia unyevu unatokea wapi. Ukianzia juu na kuongezeka mvua ikinyesha, shuku bati au kofia yake. Ukiwa upande wa bafuni hata kiangazi, shuku bomba. Ukipanda kutoka sakafuni na kuacha chumvi nyeupe, unatoka ardhini, na huo hautibiwi na rangi yoyote ninayouza. Kama huna uhakika, bandika kipande cha nailoni ukutani, ziba kingo zote kwa gundi ya karatasi, kaa siku mbili. Matone yakiwa upande wa ukutani, ukuta bado una maji. Subiri.

Kuna nyumba ambazo orodha hii yote haina kazi. Kariakoo, kwa mfano, nyumba nyingi za zamani zilinunuliwa zikabomolewa, yakapanda maghorofa. Ukiona wateja wanapima kiwanja na kuuliza barabara kabla hawajaingia ndani, wananunua ardhi. Hapo safisha uwanja, onesha mipaka, basi.

Na bati likitengenezwa, piga picha fundi akiwa juu, misumari mibovu na mipira yake iliyochakaa ionekane. Duara la kwenye jipsamu usilifiche kwa rangi kabla mvua haijapima kazi. Mteja wa milioni 34 anakuja na fundi wake, na huyo fundi anapanda darini.