Tumtambulishe Mgeni, Tusimpe Mgongo



Wanafunzi wenzetu, kila mwaka katika Maulidi na mahafali yetu mmoja wetu huitwa kumtambulisha mgeni rasmi. Mara ya mwisho mwenzetu alijiandaa vizuri, lakini alipofika kwenye jina la sheikh aligeuza kichwa kumtazama. Mdomo ukaacha kipaza sauti, na jina likapotea. Akina mama nyuma ya pazia, ambao hawamwoni mgeni, wakabaki kuulizana, "Ni nani huyo?"

Kosa hili lilitokana na nia njema. Wengi wetu tunaona kwamba adabu ni kumtazama sheikh, na kwamba kuwatazama wazee waliokaa mbele yetu ni utovu wa heshima. Sisi tunaona vingine. Utambulisho wanaambiwa waliohudhuria, kwa hiyo macho ni haki yao. Wala hapana haja ya kumkazia mtu macho. Tazama safu za nyuma upande wa kulia, sema sentensi nzima, kisha uhamie katikati, kisha kushoto. Ukitazama safu badala ya sura ya mtu mmoja, umewafikia wote na umehifadhi macho yako.

Jina liwe la mwisho, nawe ulitamke ukiwa bado umeelekea kipaza sauti. Nyamaza kidogo, ndipo umgeukie mgeni na kumnyooshea kiganja cha kulia kilicho wazi, si kidole. Imepokewa katika Shamaili za Imam Tirmidhi kwamba Mtume (S.A.W.) alipogeuka aligeuka kwa mwili wake wote. Nasi tusimtupie mgeni jicho la pembeni.

Baada ya hapo usikimbilie kitini. Msubiri afike, mpe mkono, kisha ondoka kwa upande ambao hakujia, msije mkagongana.

Mahali pa meza nako kuangaliwe mapema. Ikiwekwa katikati, mbele ya viti vya wageni, utampa sheikh mgongo tangu mwanzo hadi mwisho. Isogezwe pembeni mwa jukwaa, nawe usimame mshazari, ili wasikilizaji wakuone uso na mgeni akuone shavu.

Ama katika darsa, ambapo sote tumekaa mkekani, tunaona ni bora kutosimama. Ukisimama karibu na sheikh aliyekaa, atalazimika kuinua shingo kukutazama. Kaa ubavuni mwake, nyuma kidogo ya bega lake, uwaelekee wenzako. Karatasi iwe pajani, isizibe uso, na mikono itulie. Hapo hakuna kipaza sauti, basi inua uso unapotaja jina, maana anayesoma ameinama sauti yake huishia mkekani.

Tunawaomba walimu watupe nafasi ya kufanya mazoezi jukwaani siku moja kabla, meza na kipaza sauti vikiwa mahali pake.