Ongezeko la Mwaka Mmoja Lisituharakishe Kuhusu Buabua

Ukisimama Shelly Beach, Likoni, utaona buabua wakijitosa baharini kuvua samaki wadogo. Viota vyao haviko hapo. Buabua wa aina ya waridi, kwa mfano, hutaga kwenye visiwa visivyokaliwa na watu, kama Kisiwa cha Nyangumi huko Watamu. Hesabu ya viota ikipanda mwaka mmoja, je, tuseme ndege wanaongezeka na tulegeze masharti ya kushuka kisiwani? Nasema hapana, na hesabu yenyewe inaonyesha kwa nini.

Tuchukue mfano wa kubuni. Jozi zinazotaga zilihesabiwa mara moja kila mwaka, kwa miaka 5: 400, 460, 430, 520, 540. Kati ya hesabu ya kwanza na ya mwisho imepita miaka 4, si 5, na hapo wengi hukosea. Kasi ya ukuaji kwa mwaka ni:

```
(540 / 400)^(1/4) - 1 = 0.078
```

Yaani asilimia 7.8. Muda wa jozi kuongezeka maradufu ni:

```
ln(2) / ln(1.078) = 9.2
```

Miaka 9 hivi. Lakini anayetazama miaka miwili ya kwanza pekee atapata asilimia 15, na maradufu ndani ya miaka 5. Anayetazama miwili ya mwisho atapata asilimia 3.8, na maradufu baada ya miaka 18. Kundi ni lilelile, majibu ni matatu.

Maumbile ya ndege yanatusaidia kupima majibu hayo. Buabua waridi hutaga yai moja au mawili, na kwa kawaida huanza kuzaa akiwa na miaka 3 hivi. Kwa hiyo jozi 60 zilizoongezeka mwaka wa pili hazikutokana na vifaranga wa mwaka wa kwanza. Huenda zimehamia kutoka kisiwa kingine, maana ndege hawa hubadilisha mahali pa kutagia. Kisiwa kimoja kikiongezewa na kingine kikapungukiwa, pwani nzima haijapata kitu.

Makosa ya kuhesabu nayo yana uzito. Kama mwaka wa kwanza jozi 40 zilizofichwa na mimea hazikuonekana, idadi halisi ilikuwa 440. Kasi inashuka hadi asilimia 5 hivi, na muda wa maradufu unarefuka hadi miaka 13 na nusu. Vivyo hivyo, anayechelewa wiki chache atakuta vifaranga wameshaacha viota, na hesabu itakuwa pungufu.

Basi wanaosimamia visiwa hivi wahesabu katika hatua ileile ya msimu, wajumlishe visiwa vyote, na watumie mfululizo wa miaka mingi kabla ya kutangaza kasi yoyote. Hadi hapo, mashua zisiruhusiwe kushusha watu kisiwani msimu wa kutaga.