Ngazi ndogo yaweza kuwa hasara dukani

Mfanyabiashara wa nafaka anayejenga duka la mita 4 kwa 6.5, lenye stoo ghorofani, hushawishika kuweka ngazi ya kuzunguka nguzo. Ni kweli, yenye kipenyo cha mita 1.5 huhitaji mita za mraba 2.25 tu. Lakini vidato vyake ni vyembamba karibu na nguzo, na mbeba gunia hana pa kugeukia.

Wengine huchagua ngazi inayokunja katikati wakidhani inaokoa eneo. Hiyo hupunguza urefu tu. Kwa kimo cha mita 3 na upana wa sentimeta 90 kila upande, pamoja na jukwaa la kugeukia, huchukua mita za mraba 5.2. Iliyonyooka, yenye vidato 17 vya sentimeta 25, huchukua 3.8.

Kwa duka hilo, iliyonyooka ndiyo inayofaa. Ikiegemezwa ukuta mrefu hutumia mita 4.25, hubakisha nafasi ya kusimama chini na juu, na uvunguni hukaa rafu za bidhaa. Inayokunja iwekwe pale tu urefu usipotosha.