Skani kwa kiasi, cheti kisomeke

Mgololo ni mji wa karatasi. Kiwanda kilichoanza miaka ya 1980 kwa jina la Southern Paper Mills, ambacho leo ni Mufindi Paper Mills, ndicho kilichokuza makazi haya katikati ya misitu ya Mufindi. Hata hivyo, kijana wa hapa anayeomba mkopo wa elimu ya juu au kazi serikalini hatumi tena bahasha. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu inapokea maombi kwa mtandao, na Sekretarieti ya Ajira inapokea ya kwake kupitia Ajira Portal. Fomu iliyogongwa mhuri na mtendaji wa kijiji, pamoja na vyeti, inapita kwanza kwenye skena ya steshenari ili iwe PDF.

Hapo kwenye skena ndipo wengi wanapokwama. Faili likiwa kubwa kupita kikomo, mfumo unalikataa palepale na mwombaji anajua. Likiwa dogo lakini halisomeki, mfumo unalipokea bila neno, kisha mtu anayehakiki analikataa baadaye, pengine dirisha la maombi limeshafungwa. Kosa la pili ndilo baya zaidi. Maoni yetu ni kwamba yote mawili yanazuilika kabla kitufe cha Scan hakijabonyezwa, kwa kuchagua vitu viwili tu: DPI na rangi.

Tuanze na DPI, yaani idadi ya nukta ambazo skena inasoma katika kila inchi ya karatasi. Wenye steshenari wengi huamini kuwa namba kubwa ndiyo kazi nzuri, hivyo wanaiacha 600. Tatizo ni kwamba nukta huongezeka kwa urefu na kwa upana pamoja. Ukitoka 300 kwenda 600, nukta hazizidi mara mbili, zinazidi mara nne. Ukurasa mmoja wa A4 kwa DPI 300 una pikseli kama milioni 8.7. Ukiwa wa rangi, kabla ya kubanwa una uzito wa MB 26 hivi. Ukurasa uleule kwa DPI 600 unapita MB 100. Kubana kunapunguza sana uzito huo, lakini faili la 600 linabaki zito kuliko la 300, na msomaji hapati kitu cha ziada. Herufi za ukubwa wa kawaida wa barua zinasomeka vizuri kwa DPI 200. Maandishi madogo ya kwenye cheti na namba za mfululizo vinahitaji 300. DPI 600 iachiwe picha ndogo inayotakiwa kukuzwa, kwa mfano pasipoti saizi ya zamani ambayo haina nakala nyingine.

Chini ya 150, mambo yanageuka. Kwa DPI 100 au 72 herufi bado zinaonekana kwa mbali, lakini 3 na 8 zinaanza kufanana, 1 na 7 vilevile. Jina litasomeka, kwa sababu jicho hukisia herufi inayokosekana. Namba haikisiwi. Namba ya mtihani ikiharibika tarakimu moja, inakuwa ya mtu mwingine.

Sasa rangi. Skena nyingi hutoa machaguo matatu: Black & White, Grayscale na Color. La kwanza huzalisha faili jepesi kupita yote. Ukurasa uliochapwa kwa wino mweusi, kwa DPI 300, mara nyingi hauzidi KB 60. Lakini katika hali hiyo kila nukta inalazimishwa kuwa nyeusi tupu au nyeupe tupu, hakuna katikati. Mhuri wa bluu uliogongwa kwa pedi iliyoanza kukauka unahesabiwa kuwa mweupe, na unatoweka. Ukigongwa kwa wino mwingi, unakuwa doa jeusi. Picha ya mhitimu kwenye cheti inabaki kivuli. Michoro myepesi ya usalama iliyo nyuma ya maandishi ya cheti ama inapotea, ama inageuka vumbi jeusi linalofunika majina. Kwa hiyo Black & White ni ya karatasi iliyochapwa tu, isiyo na mhuri, picha wala penseli.

Grayscale inaokoa mhuri hafifu na mwandiko wa mkono, na kwa kurasa nyingi inatosha. Ina kasoro moja ambayo wahakiki wanaijua vizuri: sahihi ya kalamu nyeusi iliyopitiwa na mhuri wa bluu, vyote vikiwa vya kijivu, huchanganyika hadi usijue mstari upi ni wa nani. Kwa rangi vinatengana mara moja. Na hapa kuna jambo ambalo wengi hawalifahamu. Wanaikimbia Color wakidhani faili litakuwa zito mara tatu ya la kijivu. Kabla ya kubanwa ni kweli, mara tatu kamili. Lakini PDF ya rangi kwa kawaida hubanwa kwa njia ya JPEG, ambayo hutunza mwanga na giza kwa makini na kuipunguza habari ya rangi kwa nguvu. Ukurasa mweupe wenye mhuri mmoja wa bluu unaongezeka uzito kidogo tu ukilinganisha na wa kijivu. Kuukosesha mhuri rangi yake ili kuokoa KB chache ni hasara.

Tuchukue mfano. Mwombaji ana fomu ya kurasa tano na cheti kimoja cha kuzaliwa, na kikomo cha mfumo tuseme ni MB 2 kwa kila faili. Kurasa tatu za fomu zimechapwa na kompyuta, hazina mhuri. Mbili zina sahihi, picha na mihuri ya mtendaji na ya wakili. Fundi akiskani zote tano kwa Color na DPI 600, faili litapita kikomo bila shaka. Akiziskani zote kwa Black & White, faili litakuwa jepesi lakini mihuri itakufa. Njia ya kati ni kuzitenga. Kurasa tatu za maandishi ziende kwa Black & White, DPI 300: karibu KB 180 kwa zote. Zile mbili za mihuri ziende kwa Color, DPI 200: kila moja huwa kati ya KB 300 na 450 hivi. Fomu nzima inaishia karibu MB 1, na kila mhuri unasomeka. Cheti cha kuzaliwa kiende peke yake kwa Color, DPI 300, na mara nyingi hakitafika MB 1.

Kuchanganya hali mbili katika PDF moja hakuhitaji mashine ya bei. Programu ya bure ya NAPS2 kwenye Windows inaruhusu fundi kuandaa wasifu mmoja wa maandishi na mwingine wa mihuri, kila mmoja ukiwa na Resolution na Bit depth yake, kisha akaskani ukurasa mmoja mmoja na kuhifadhi zote kama PDF moja. Wasifu ukishaandaliwa, kazi ni kuchagua tu.

Faili likizidi kikomo, dawa ni kurudi kwenye skena na kushusha DPI: 300 kwa cheti, 200 kwa penye mhuri. Wengi wanafanya kinyume: wanalipeleka faili la 600 kwenye tovuti ya kubana PDF. Hapo kuna madhara mawili. Tovuti nyingi haziulizi namba zipi lazima zisomeke, zinashusha ubora wa picha na kuibana mara ya pili juu ya ubano wa kwanza, na kingo za herufi zinazungukwa na ukungu. La pili ni kwamba cheti cha kuzaliwa cha mteja kimepelekwa kwa mtu asiyejulikana, ilhali nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu mwaka 2022.

Ubano uliopitiliza si jambo la kupuuza. Agosti 2013 mtaalamu wa kompyuta wa Ujerumani, David Kriesel, alionyesha kuwa baadhi ya mashine za Xerox WorkCentre zilikuwa zinabadilisha tarakimu kwenye nakala. Katika mchoro wa nyumba, vyumba vya ukubwa tofauti vilitoka vyote vikiwa na kipimo kimoja. Mashine zilikuwa zikibana kwa kutafuta alama zinazofanana na kutumia moja badala ya nyingine, hivyo 6 iligeuka 8 huku ukurasa ukionekana safi kabisa. Xerox ilitoa marekebisho ya programu. Kwa ofisi yenye mashine kubwa ya kunakili, somo ni kutochagua daraja la chini kabisa la ubora kwa karatasi yenye namba.

Simu nayo inatumika sana panapokosekana skena, na kamera ya pikseli milioni 12 ina nukta za kutosha kwa A4. Inachokosa ni mwanga sawa na karatasi iliyonyooka. Picha ikipigwa chini ya taa moja, kivuli cha mkono kinabaki kwenye PDF. Na ikitumwa steshenari kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, inapunguzwa njiani. Itumwe kama faili, kupitia Document.

Kabla mteja hajalipa, faili lifunguliwe kwenye skrini na vitu vitatu vitazamwe: namba ndogo kabisa iliyo kwenye cheti, tarehe iliyo ndani ya mhuri, na sahihi. Fundi asome namba kwa sauti huku mteja akiifuata kwenye karatasi halisi. Ikisomeka bila kukisia, kazi imekwisha. Isiposomeka, arudie palepale, kabla karatasi halisi haijaondoka.

Taasisi zinazopokea maombi nazo zina wajibu. Kuandika kikomo cha MB peke yake hakutoshi, kwa sababu kunamfundisha mwombaji kubana hadi faili lipite. Ziandike pia DPI na hali ya rangi zinazozitaka kwa fomu na kwa vyeti, katika mwongozo uleule unaotaja kikomo. Wenye steshenari wa Mgololo wasisubiri agizo hilo: DPI 200 ya rangi kwa penye mhuri, 300 ya rangi kwa cheti, na Black & White kwa maandishi matupu tu. Wayabandike maneno hayo ukutani, juu ya skena.